Je, Wajua? Gego la juu likitoka, mfupa nao huanza kuondoka

Chukua mkazi wa Temeke aliyeng'olewa gego la juu miaka mingi iliyopita, sasa anataka jino la kupandikiza. Picha ya mionzi inaonyesha mfupa uliobaki una kimo cha milimita 4 tu. Skrubu ya titani inayoshika jino hilo huhitaji kama 8 au 10. Juu ya magego kuna sainasi, chumba cha hewa ndani ya mfupa wa taya ya juu. Jino likishatoka, chumba hicho hushuka huku ukingo wa taya ukisinyaa.

Ili kuongeza kimo cha mfupa, daktari humpiga ganzi, hupasua fizi na kutoboa kidirisha kwenye mfupa upande wa shavu. Ndani kuna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Huusukuma juu taratibu, hujaza chembechembe za mfupa chini yake, mara nyingi za ng'ombe zilizosafishwa maabara (wengine huuliza kwanza zimetoka wapi, na wana haki), kisha hushona. Skrubu husubiri miezi 6 hadi 9.

Ajali ya kawaida zaidi ni utando kuchanika. Tundu dogo hufunikwa palepale. Likiwa kubwa, kazi huahirishwa.

Baada ya upasuaji, kwa wiki mbili au zaidi usipenge kamasi, usinywe kwa mrija, na vumbi la barabarani likikuletea chafya, ipige mdomo ukiwa wazi. Chembechembe zikitoka puani, au usaha wenye harufu upande mmoja, rudi kliniki siku hiyohiyo. Mvutaji sigara hupona kwa shida zaidi.