Walirudi Nyuma Dakika ya Kumi na Moja

Kwenye kumbukumbu za seva inayorusha mihadhara ya video, kila kitendo cha mwanafunzi huacha mstari wake. Mmoja wapo, ukiondoa mapambo, huwa hivi:

```
"event_type": "seek_video"
"old_time": 676.2
"new_time": 649.0
"type": "onSlideSeek"
```

Hivi ndivyo mfumo wa edX, ulioanzishwa na MIT na Harvard mwaka 2012, unavyoandika tukio la mtu kuruka kutoka sehemu moja ya video kwenda nyingine. Mwanafunzi huyu alikuwa amefika sekunde ya 676, yaani dakika ya 11 na sekunde 16. Akauvuta mstari wa muda ulio chini ya video, akarudi nyuma sekunde 27 na kusikiliza tena. Hakunyoosha mkono wala hakumwandikia mhadhiri. Mmoja akirudi hivyo, pengine aliitwa jikoni. Wakirudi ishirini na wanne mahali pale pale, hapo pana jambo.

Kulijua jambo lenyewe ndiyo kazi. Wengi wakiuona mlima kwenye chati husema moja kwa moja kwamba wanafunzi wamekwama hapo. Mara nyingi siyo hivyo.

Mwaka 2014 Juho Kim, aliyekuwa MIT, na wenzake walichapisha uchambuzi wa video 862 za kozi za edX, sekunde kwa sekunde. Walitafuta vilele, yaani mahali ambapo vitendo vya watazamaji vinapanda ghafla kuliko sehemu zilizo jirani. Kisha wakafanya kitu ambacho hakuna chati inayoweza kukifanya badala ya mtu: walichukua baadhi ya video hizo, wakazitazama kwa macho, wakajiuliza kwenye kila kilele kuna nini kwenye skrini. Asilimia 61 ya vilele viliendana na badiliko la picha, kwa mfano slaidi inapoondolewa na sura ya mhadhiri kuonekana. Baadhi ya waliokuwa wakirudi walikuwa wanaifuata slaidi iliyowakimbia kabla hawajaimaliza. Somo huenda walilielewa vizuri tu.

Ili tuone jinsi ya kutenganisha aina hizi, tutunge mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tuseme ni mhadhara wa takwimu wa dakika 14, uliofunguliwa na wanafunzi 84. Mhadhiri anafundisha varianzi, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani wake.

Hatua ya kwanza ni kuikata video kwa sekunde, zote 840, na kwa kila sekunde kuhesabu ni watu wangapi waliiona zaidi ya mara moja. Nasema watu, sio mibofyo. Katika darasa dogo mwanafunzi mmoja mwenye bidii anaweza kurudia kipande kimoja mara 15 na kukuinulia mlima peke yake. Kisha namba ya kila sekunde inachanganywa kidogo na za majirani zake ili mstari usiwe na meno ya msumeno, kwa sababu hakuna anayerudi kwenye sekunde kamili. Watu huvuta kwa kukisia.

Tunapata vilele vitatu. Karibu na dakika 2:30 wamerudia watu 26, dakika 6:40 watu 31, na dakika 11:05 watu 24. Kwa hesabu hiyo kilele cha tatu ndicho kifupi kuliko vyote, na mhadhiri mwenye haraka angekipita. Lakini watazamaji hupungua kadiri video inavyosonga. Katika uchambuzi ule wa edX, zaidi ya nusu ya waliofungua video, kwa wastani, waliondoka kabla haijaisha. Katika mfano wetu dakika 2:30 walifika watu 80, dakika 6:40 walifika 66, na dakika 11:05 walikuwa wamebaki 48. Gawanya sasa. Kilele cha kwanza ni karibu theluthi ya waliofika, cha pili hakifiki nusu, na cha tatu ni nusu kamili. Kile kifupi ndicho kirefu.

Bado hatujajua kwa nini wamerudi, na hapa ndipo tunaangalia walitoka wapi na walifanya nini baada ya kufika. Kwenye kilele cha kwanza wengi wametoka mbali. Walikuwa dakika ya 13, au wamefungua video upya siku nyingine, wakaruka moja kwa moja hadi 2:30. Ukifungua video unaona sababu: utangulizi umeisha na mhadhiri anaanza kuandika namba za mfano ubaoni. Hao wamerudi kama mtu anayefungua kitabu kwenye ukurasa aliokunja pembe, kwa sababu wana zoezi la kufanya. Usiguse kitu.

Kwenye kilele cha pili wanaruka nyuma kidogo tu, sekunde nane au kumi, halafu wanasimamisha video kwa dakika nzima au zaidi. Kwenye skrini kulikuwa na jedwali la hesabu lililokaa sekunde sita, likatoweka huku mhadhiri akiendelea kulizungumzia. Wanarudi, wanasimamisha, wananakili. Hapa tatizo ni la mhariri wa video, na dawa ni kuliacha jedwali mbele ya macho mpaka maelezo yake yaishe. Kusimamisha video kwa muda mrefu mara nyingi ni kalamu inaandika, ingawa pia huenda ni chai inamiminwa. Ndiyo maana mimi sikuamini kusimamisha kukiwa peke yake. Hunishawishi pale tu kunapokuja pamoja na kurudia.

Kilele cha tatu kina sura nyingine. Hakuna slaidi iliyobadilika wala chochote cha kunakili, maana fomula iko pale pale ubaoni. Lakini watu wanarudi nyuma sekunde 20 hadi 30, wanasikiliza, wanafika mahali pale pale, wanarudi tena mara mbili, mara tatu. Baadhi wanapunguza kasi ya video. Katika utafiti wa mwaka 2015 wa chuo cha EPFL cha Uswisi, ambamo wanafunzi wenyewe waliulizwa video ilikuwa ngumu kiasi gani, kupunguza kasi na kusimamisha mara nyingi kwa muda mrefu vilikuwa miongoni mwa dalili zilizoendana na ugumu.

Kuna tahadhari moja hapa. Kilele cha kurudia hakikai juu ya neno lililowatatiza, kwa sababu mtu hujivuta nyuma zaidi ya anapohitaji, kama anayerudi hatua kadhaa ili aruke mtaro. Mahali penyewe huonyeshwa vizuri zaidi na `old_time`, sekunde waliyokuwapo walipokata tamaa. Katika mfano wetu zimerundikana kati ya 11:14 na 11:20. Ukisikiliza kidogo kabla ya hapo, mhadhiri anasema kwamba tunagawa kwa n − 1 badala ya n kwa sababu wastani wenyewe umeshatumia digrii moja ya uhuru. Anatumia sekunde tisa, kisha anaendelea na hesabu.

Sekunde tisa kwa jambo ambalo hata watu wazima wa takwimu hulizungukazunguka! Chukua namba tano: 4, 6, 5, 9 na 6. Wastani wake ni 6. Tofauti ya kila namba na wastani ni −2, 0, −1, 3 na 0, na zikijumlishwa hutoa sifuri. Ni lazima zitoe sifuri, ndivyo wastani ulivyo. Kwa hiyo nikikutajia tofauti nne za kwanza, ya tano unaijua bila kuambiwa. Zilizo huru kusema lolote ni nne tu, na ndiyo maana tunagawa kwa nne. Maelezo hayo yanahitaji ubao na dakika mbili, na dakika mbili hizo zinaweza kurekodiwa upya na kuingizwa mahali pake bila kugusa kipande kingine.

Kabla ya kurekodi, mhadhiri mwenye busara hutafuta ushahidi wa pili. Kama kuna swali la jaribio linalogusa n − 1, aangalie waliolikosa. Na kama video ilitazamwa katika mazingira yetu, aondoe kwanza kelele za mtandao. Video ikinata na kuzunguka, wanafunzi wengi huisimamisha wakisubiri ijipakie, na kwenye kumbukumbu hilo huonekana sawa na kusimamisha kwingine. Tofauti ni kwamba mtandao unamkatia kila mtu mahali pake, kwa hiyo alama hizo hutawanyika, wakati somo gumu huwasimamisha wote pamoja. Ukiona kusimamisha kumejaa mwanzoni na kwingine kumesambaa kama mchele uliomwagika, laumu bando.

Lipo pengo jingine ambalo hakuna hesabu inayoliziba. Anayepakua video na kuitazama baadaye kwenye simu huenda asiache alama yoyote, na aliyeipata kwa fleshi kutoka kwa mwenzake wa bweni pia haachi. Wanne wakikaa mbele ya laptopu moja huhesabiwa kama mtu mmoja, na wakikwama hawarudishi video. Wanaisimamisha na kubishana. Wala usimsahau yule aliyepotea kabisa: huyo harudi nyuma, hufunga video akaondoka, au huiacha iendelee huku akichati. Anayerudia mara tatu bado anaamini ataelewa. Kwa hiyo sehemu isiyo na kilele siyo lazima iwe imeeleweka, na pale watu wanapoacha video kwa wingi panastahili kutazamwa sawa na pale wanaporudia.

Kuna na suala la lugha, ambalo tafiti za MIT na Uswisi halikuzisumbua sana. Mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania mara nyingi amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anasikiliza mhadhara kwa Kiingereza. Akirudia sekunde 20, huenda hoja imemshinda, na huenda ni neno moja tu lililompita sikioni. Dalili ipo ikiwa video ina maandishi ya maneno pembeni: anayetafuta neno huwa anabofya mstari wa maandishi, na edX huuandika mruko huo `onCaptionSeek`. Lakini njia fupi zaidi ni kuuliza. Tuseme mhadhiri wetu anawasimamisha wanafunzi watatu mlangoni baada ya kipindi na kuwauliza dakika ya 11 iliwasumbua nini. Wawili wanasema ni ile n − 1. Wa tatu anacheka kidogo kwanza.

"Dokta, mimi hesabu niliielewa. Nilikuwa narudi kusikiliza hizo digrii za uhuru ni digrii gani. Nikajua labda ni za joto."