Wali wa Jumamosi Ulale Kwenye Friji Siku Ngapi?

Tuchukue sufuria moja ya wali wa nazi, umepikwa Jumamosi katika nyumba ya Dar es Salaam, mwezi Machi, jikoni joto linacheza kwenye nyuzi 31. Wali umeiva saa saba mchana. Wageni wamekula, wamepiga soga, wameaga. Sufuria imebaki imefunikwa hadi saa nne usiku, mama mwenye nyumba anapoikumbuka na kuiingiza kwenye friji nzima nzima, na mfuniko wake. Asubuhi wali unapashwa moto na kuliwa na chai.

Ukiuliza kiporo hicho kina umri gani, utajibiwa kwamba kimelala usiku mmoja tu. Hiyo ni hesabu ya friji, na imeanza kwa kuchelewa. Umri wa kiporo huanza pale chakula kinaposhuka chini ya nyuzi 60, kwa sababu kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 ndipo bakteria wanapozaana kwa raha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Wamarekani wanaongeza kwamba joto likizidi nyuzi 32, saa hizo mbili zipunguzwe ziwe moja. Wali wetu ulikaa nje saa tisa. Hata tukiuondolea muda ambao ulikuwa bado unafuka moshi, umeshapitisha kipimo mara kadhaa kabla haujaiona friji.

Wali una hatari yake ya pekee. Kuna bakteria wa udongoni ambao huja na mchele tangu shambani wakiwa wamejifungia ndani ya gamba gumu. Kuchemsha hakuwaui. Maji yakichemka huwaua vijidudu wengine na kuwaachia hawa uwanja mtupu, na moto wenyewe huwaamsha. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, nao huzaana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo ikishatoka haiogopi moto. Unaweza kuupasha wali mpaka ushike ukoko upya, bakteria wakafa, sumu ikabaki vilevile. Anayeila huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baadaye, na aghalabu hulaumu chakula cha mwisho alichokula badala ya kile kilicholala.

Ugonjwa huu ulitambuliwa Uingereza mwaka 1971, ukafuatiliwa hadi kwenye wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi na kuuacha nje usiku kucha ili kesho yake ukaangwe bila kushikana. Kwa kawaida mgonjwa hutapika na kupona ndani ya siku moja, ila si kila mara. Mwaka 2008 kijana wa miaka 20 mjini Brussels alipasha moto tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano, akala, na akafariki kabla ya kupambazuka.

Maharage na mchuzi wa nyama vina habari tofauti kidogo. Bakteria anayependa sufuria kubwa ya nyama naye hujificha wakati wa kuchemka, kisha chakula kikifika kwenye nyuzi 43 hivi huzaana kwa kasi ya kujigawa mara mbili kila dakika kumi. Lakini huyu hutengeneza sumu yake akishafika tumboni, kwa hiyo ukimchemsha vizuri kabla ya kula unamuua. Ndiyo sababu bibi zetu waliokuwa wakiichemsha sufuria ya maharage asubuhi na jioni hawakuwa wakibahatisha. Walichokosa ni njia ya kupoza haraka, maana kila sufuria inaposhuka tena kuwa vuguvugu nafasi ya kuzaana hufunguka upya.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kupoza. Watu wanaogopa kuweka chakula cha moto kwenye friji, na wana sababu: sufuria ya kilo mbili ikiingia inafuka itapasha moto maziwa na nyama iliyo jirani. Dawa yake ni kukigawa chakula. Utandaze wali kwenye sinia, usizidi unene wa vidole vitatu, na baada ya nusu saa hivi utakuwa umetulia. Uingize kwenye vyombo vifupi vyenye mfuniko. Sufuria ya mchuzi ikalishe ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, ubadilishe maji yakipata joto. Hapo, tangu kuiva hadi kuingia friji, hujafika saa mbili.

Sasa siku. Idara ya kilimo ya Marekani inakiruhusu kiporo siku tatu hadi nne, friji ikiwa kwenye nyuzi 4 au chini yake. Waingereza wanasema siku mbili, na wali siku moja tu. Mimi nafuata Waingereza kwenye wali na kwenye kila kitu chenye tui, kwa kuwa friji za kwetu hufunguliwa na kila mtoto anayetaka maji na umeme hukatika bila hodi. Maharage yasiyo na nazi, rosti ya nyama au kuku navipa siku tatu. Bandika kipande cha plasta juu ya chombo, uandike siku na saa ya kupika. Ukijua kesho hamtakila, kigandishe leo. Siku ya nne utakuwa unagandisha wasiwasi.

Na pua je? Pua ni shahidi mzuri wa upande mmoja. Tui likichacha utasikia ukali, maharage yatatoa vipovu, wali utafanya utelezi na nyuzi ukiuchota, ukungu utaonyesha rangi. Ukiona lolote kati ya hayo, mwaga chakula chote, usikwangue sehemu mbaya ukabakiza nzuri. Usionje ili kuhakikisha. Lakini bakteria wanaochachusha si lazima wawe walewale wanaowaletea watu ugonjwa. Wali wetu wa Jumamosi ungeweza kunukia iliki kama kawaida Jumapili asubuhi na bado ukawa na sumu. Harufu mbaya inatosha kuhukumu. Harufu nzuri haitoshi kusamehe.

Kwenye kupasha moto, pasha kiasi mtakachokula tu, mara moja, mpaka katikati pafuke moshi na mchuzi uchemke kabisa. Mjamzito ahadhari zaidi na kiporo kinacholiwa baridi, kwa kuwa yupo bakteria anayeendelea kukua taratibu hata ndani ya friji na anaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa na kufungwa hufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Weka kikombe cha barafu kwenye friza na sarafu juu yake: ukirudi kutoka safari ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ukiwa haupo kisha ikaganda tena, na vyakula vilivyo humo havifai hata kama vimekauka kwa baridi.