Kuomba Maoni ya Mnunuzi Bila Kumshurutisha



Vikapu vya akina mama wa kikundi chetu cha ususi huuzwa Marekani na marafiki wa usharika wetu, kupitia soko la mtandao la Amazon. Mnunuzi wa huko hawezi kukishika kikapu kabla ya kulipa, hivyo husoma kwanza maoni ya waliomtangulia. Kwa sababu hiyo tuliandaa rasimu ya ujumbe wa kumtumia kila aliyepokea mzigo:

“Ukiridhika, tupatie nyota tano, kwani kila nyota humsaidia yatima. Usiporidhika, tuandikie sisi kwanza.”

Tuliona ni maneno ya upole. Kumbe yana makosa matatu. Kwanza, taratibu za soko hilo zinakataza kuomba maoni mazuri. Muuzaji huruhusiwa kuomba maoni tu. Pili, neno “ukiridhika” linawagawa wanunuzi: wenye sifa wanaelekezwa hadharani, wenye malalamiko wanaelekezwa faraghani. Hilo nalo limekatazwa, kama ilivyokatazwa kutoa zawadi au punguzo la bei ili mtu aandike. Tatu, kumtaja yatima ni kumbebesha mnunuzi mzigo wa dhamiri. Aliyepokea kikapu chenye mpini uliolegea ataona aibu kusema, nasi hatutajua kwamba mpini unahitaji kushonwa upya.

Tuliusahihisha ujumbe ukawa hivi:

“Kikapu ulichoagiza kimeshafika. Tunakuomba, ukipata nafasi, uandike maoni yako ya kweli kuhusu kikapu hicho. Asante.”

Hauna masharti, hautaji nyota, wala hauna anwani ya tovuti nyingine. Hutumwa mara moja tu kwa kila agizo. Asiyejibu haulizwi tena.

Ipo pia njia rahisi zaidi. Katika ukurasa wa maelezo ya agizo kuna kitufe kilichoandikwa “Request a Review”. Muuzaji akikibofya, soko lenyewe hutuma ombi lenye maneno yaliyokwisha kupangwa, kwa lugha ya mnunuzi. Kitufe hiki hutumika kuanzia siku ya 5 hadi ya 30 baada ya mzigo kufika. Kwa kikapu, tunashauri kusubiri wiki mbili, ili mnunuzi awe amekwenda nacho sokoni mara kadhaa. Anayetumia kitufe hiki asitume tena ujumbe wake mwenyewe, maana hayo yatakuwa maombi mawili.

Na maoni mabaya yakija? Tusimwombe mnunuzi ayafute wala ayabadilishe. Hilo pia haliruhusiwi. Akistahili kurudishiwa fedha, arudishiwe kwa sababu kikapu kilikuwa na kasoro, si kwa kubadilishana na nyota. Kisha maneno yake yasomwe mbele ya akina mama kwenye kikao, na mpini ushonwe vizuri.