Kabla ya Kutia Saini na Kwenda Nyumbani

Ilikuwa yapata saa 8 usiku mzee alipoketi kitandani, akaushika mpira wa dripu na kuanza kuung'oa. Alikuwa fundi seremala wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa upande wa Kilifi, na alikuwa ameletwa jioni ile kwa ajili ya kidonda cha sukari mguuni. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vimegeuka vyeusi, na wayo ulikuwa umevimba na kutoa harufu. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba vidole vile viondolewe. "Nipeni hiyo karatasi nisaini," akasema, "niende zangu."

Karatasi anayoijua kila mtu aliyewahi kulazwa au kuuguza huwa na maneno machache. Katika hospitali niliyoanzia kazi, miaka mingi nyuma, ilisema hivi tu: "Mimi natoka kwa hiari yangu mwenyewe, na hospitali haihusiki na lolote litakalotokea." Chini yake jina, saini, tarehe. Nilishuhudia wengi wakiitia saini, na sikumbuki hata mmoja aliyeambiwa hilo "lolote" ni nini. Kijana mmoja aliyekuwa na maumivu ya kidole tumbo aliitia saini, akaenda nyumbani, na maumivu yalipozidi akakaa siku mbili bila kurudi. Alipoletwa kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umejaa tumboni. Mama yake alituambia waliogopa kurudi kwa sababu walishasaini, wakadhani hospitali imewakataa. Maneno yale yaliandikwa kuikinga hospitali, na mgonjwa aliyasoma kama mlango uliofungwa nyuma yake. Jambo hilo bado linaniuma.

Sasa turudi kwa mzee. Usiku ule hatukumpa karatasi, na sababu yake haikuwa ukaidi wetu. Muuguzi wa zamu aliketi karibu naye, akamwuliza taratibu: "Mzee wangu, hapa tulipo ni wapi?" Akajibu kwamba yuko Mtwapa dukani kwa mbao. Mwili ulikuwa unachemka kwa homa, na sukari yake ilikuwa 24, ilhali sukari ya mtu mzima asiye na ugonjwa huo, akiwa hajala, haizidi 6 hivi. Mtu akiwa na homa kali, sukari iliyopanda mno au kushuka mno, hewa pungufu au pombe kichwani, anaweza kutamka maneno yaliyonyooka kabisa huku akili haipo naye. Ndiyo maana kipimo cha kwanza mgonjwa anapotaka kuondoka ghafla ni kumtoboa kidole na kuangalia sukari, na kupima joto na hewa, kabla mtu yeyote hajaanza kutafuta kalamu. Saini iliyotiwa katika hali ile haina maana. Mwanawe aliyekuwa akimuuguza alikaa naye na kumtuliza, dripu ikaendelea, insulini ikaendelea.

Kufikia asubuhi sukari ilikuwa imeshuka hadi 11, homa imepungua, na mzee alijua yuko hospitali, anajua siku, anajua jina la daktari. Na bado alitaka kwenda nyumbani. Maneno yalikuwa yaleyale ya usiku, ila sasa yalikuwa yake, na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu hata kama kukataa kwake kutamdhuru. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa haki hiyo, na pia amweleze madhara, hatari na matokeo ya kisheria ya kukataa. Inataka maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kwa hiyo mazungumzo ni sehemu ya wajibu wa hospitali. Kumsukumia mtu karatasi hakutimizi wajibu huo. Wala saini haifuti uzembe: palipotokea kosa la matibabu, karatasi peke yake haitamwokoa aliyelifanya.

Daktari hakuanza na hatari. Alivuta kiti, akamwamkia, akauliza swali moja: "Mzee, ni nini hasa kinachokufanya utake kwenda leo?" Nimeona swali hili likifungua mambo ambayo hotuba ya nusu saa isingeyafikia. Mara nyingine jibu ni bili. Kuna watu wanaotoka mapema kwa kuogopa kwamba kila siku inaongeza deni na mwisho watazuiliwa wodini, japo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwaka 2015, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa hospitali kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake. Mara nyingine ni mtoto aliyeachwa kwa jirani, au ng'ombe asiye na wa kumkama, na hayo simu moja huweza kuyatatua.

Kwa mzee huyu jibu lilikuwa kaka yake. Kaka alikatwa kidole kimoja, baada ya miezi wakakata wayo, kisha chini ya goti, kisha akafa. "Mkianza," akasema, "hamuachi." Hofu hiyo ina msingi, na kumwambia asiogope kungekuwa kumdharau. Daktari alimwambia kweli: kwamba kwa watu wa sukari mishipa ya miguu huziba na ganzi huficha vidonda, kwa hiyo wengine hukatwa tena, na hawezi kumwahidi kwamba yeye hatakatwa. Kisha akamwonyesha kwa kidole chake mahali usaha ulipofikia. Leo wanaweza kutoa vidole viwili na kuubakisha wayo. Usaha ukipanda hadi kifundoni, chaguo hilo halitakuwepo tena.

Mzee alikuwa anasema Kiswahili kizuri, lakini alipoanza kuulizia mambo mazito alirudi Kigiriama. Mwanawe alijitolea kutafsiri. Daktari alimshukuru, kisha akamwita muuguzi mwenzetu anayeijua lugha hiyo. Mwana alikuwa anataka sana baba abaki, na mwenye haja hiyo hutafsiri kwa kuongeza chumvi bila kujijua. Ingekuwa anataka baba aende, angepunguza. Mtafsiri awe mtu asiye na upande, na jina lake liandikwe kwenye fomu.

Halafu likaja jambo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yote. Daktari hakuuliza "Umeelewa?", kwa sababu kila mgonjwa hujibu ndiyo kwa adabu. Alisema: "Mzee, ukifika nyumbani mama watoto atakuuliza daktari amesemaje. Utamjibu vipi?" Mzee akafikiri, akajibu kwamba atamwambia vidole vimeoza na atapewa dawa vikauke. Hapo ndipo tulipojua kwamba hajaelewa. Dawa hazirudishi uhai kwenye kidole kilichokufa, kwa kuwa hata damu ya kuzipeleka haifiki pale. Akaelezwa tena. Mara ya pili akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba akikaa nyumbani huenda usaha ukapanda akapoteza mguu, au sumu ikaingia kwenye damu akafa, na kwamba bado anataka kwanza kuongea na ndugu zake.

Hapo ndipo daktari alipotafuta njia ya katikati. Alimwomba akubali walau usaha utolewe na dawa za mshipa ziendelee kwa siku moja bila kukata kitu, ndugu waje hapa. Mzee akakataa dawa za mshipa, akakubali kidonda kisafishwe. Basi kikasafishwa. Mgonjwa anayekataa jambo moja hajakataa yote, na kumnyima kile anachokubali ili kumkomoa ni kosa.

Fomu aliyoandikiwa ilisomeka hivi, nami naiweka yote kwa kuwa maneno yenyewe ndiyo habari:

"Ninatoka hospitali leo saa 6 mchana. Daktari amenieleza kwa Kiswahili na Kigiriama kwamba vidole viwili vya mguu wangu wa kulia vimekufa na usaha umeingia kwenye wayo. Ameshauri nibaki, nipewe dawa za mshipa, na vidole hivyo viondolewe leo au kesho. Nimeelewa kwamba nikienda nyumbani usaha unaweza kupanda kwa muda wa saa au siku chache, nikapoteza mguu, au sumu ikaingia kwenye damu nikafa. Nimeambiwa pia kuhusu njia nyingine ya kusafisha kidonda na kupewa dawa za mshipa bila kukatwa kwa sasa, na kwamba njia hiyo ni dhaifu zaidi. Nimekubali kusafishwa tu. Natoka kwa sababu nataka kuzungumza na ndugu zangu kabla ya kuamua. Najua naweza kubadili nia na kurudi saa yoyote, na nitapokewa na kutibiwa."

Chini yake zilifuata dawa alizopewa, namba ya simu ya wodi, kidole gumba cha mzee kilichochovywa wino, jina la mtafsiri, shahidi, na saa. Angekataa hata kutia kidole, asingezuiliwa. Daktari angeandika kwenye faili yale yaliyosemwa, kwamba mgonjwa amekataa kutia saini, na shahidi angethibitisha. Angeondoka bila kuaga, faili lingesema hivyo, kwa kuwa kutoroka ni jambo tofauti na kuaga baada ya kuelezwa. Mambo yangekuwa tofauti pia kama mgonjwa angekuwa mtoto. Mzazi anayetaka kumtoa mtoto ambaye bila matibabu atakufa hawezi kupewa fomu tu akaondoka naye. Wakubwa wa hospitali na maofisa wa watoto huitwa.

Kuna wauguzi wanaodhani kumpa dawa mtu anayekaidi ushauri ni kumsaidia kukaidi. Mzee alitoka na insulini yake, dawa za kumeza za siku 7, bandeji, na mkewe aliyefundishwa kufunga kidonda. Kabla hajaondoka, muuguzi alichukua kalamu ya wino mzito akapapasa mguu kutoka kwenye goti kushuka, polepole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo hutafutwa pale joto na uvimbe vinapoanza. Alipopafikia akachora mstari kuzunguka mguu, vidole vinne chini ya kifundo. Akamgeukia mke: "Mama, papasa hapa asubuhi na jioni. Joto au uvimbe ukiuvuka mstari huu, msingoje kikao cha ndugu. Vilevile akitetemeka kwa homa, akipumua haraka au akiongea ovyo. Njooni hata kama ni usiku wa manane." Simu ya wodi ilipigwa kesho yake kuulizia hali. Mke akasema mstari uko vilevile.

Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, waliletwa na bodaboda mbili, mzee mbele na mwanawe nyuma. Mke alikuwa amepapasa mguu gizani akakuta joto limeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Muuguzi wa mapokezi hakuuliza kwa nini alitoka. Alisoma fomu iliyokunjwa mfukoni mwa mzee, akapima sukari, akaita chumba cha upasuaji. Aliondolewa vidole na sehemu ya mbele ya wayo. Kisigino kilibaki.