Chati ya mtoto isomwe kwa kuuliza

Mzazi anayekwenda kwa mnajimu kwa ajili ya mtoto wa chekechea hutaka kujua mtoto wake ana tabia gani na afundishwe vipi. Kabla hajajibiwa, naye huulizwa: alizaliwa saa ngapi? Hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, ilhali programu za kuchora chati huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mama akisema “saa nne asubuhi”, na aliyekaa kwenye kompyuta akaandika 4:00 badala ya 10:00, chati itakayotoka ni ya mtoto aliyezaliwa saa kumi alfajiri. Saa sita zimepotea, na katika falaki saa sita ni nyingi mno. Buruji inayochomoza upande wa mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Mwezi hukaa katika buruji moja kwa takriban siku mbili na nusu, kwa hiyo aliyezaliwa karibu na mpaka huweza kuhamishwa na kosa la saa chache.

Tuchukue mtoto wa mfano, msichana aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 21 Juni 2020, saa nne asubuhi. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wengi wa Afrika Mashariki waliliona. Chati iliyoandikwa sawasawa inaonyesha Jua na Mwezi vikiwa pamoja mwanzoni kabisa mwa Kaa, yaani Saratani. Mwezi wenyewe ulikuwa umeingia humo yapata saa moja tu kabla. Utaridi, sayari ambayo wanajimu huihusisha na kusema, kusoma na kuelewa, nayo imo katika Kaa. Mashariki inachomoza Simba. Ukikosea ukaandika 4:00, Mwezi unarudi kwenye Mapacha na mashariki anachomoza Ng'ombe.

Sasa sikiliza jinsi chati hizo mbili zinavyosomwa kwa kawaida. Ya kwanza, yenye Kaa, huelezwa kuwa ni ya mtoto mwenye hisia za karibu, anayeshikamana na watu wa nyumbani, anayejifunza kwa mtu anayemwamini na kukumbuka zaidi jambo lililomgusa. Simba anayechomoza huongeza kwamba anapenda kuonekana na kusifiwa. Ya pili huelezwa kuwa ni ya mtoto mdadisi, msemaji, anayeruka kutoka jambo hadi jambo, huku Ng'ombe akimfanya mtulivu asiyependa kuharakishwa. Ukimsomea mama chati isiyo ya mwanawe, mara nyingi ataitikia kwa kichwa, kwa sababu mtoto wa miaka mitano huwa na hayo yote kwa siku moja. Kuitikia kwa mama si ushahidi kwamba chati imepatia.

Wanajimu wenyewe hawahesabu kwa namna moja. Wanaofuata falaki ya Kihindi, ambao wapo Dar es Salaam na Mombasa kwa miaka mingi, husogeza mwanzo wa buruji kwa karibu digrii 24, na kwao Jua na Mwezi vya msichana huyu vimo katika Mapacha. Kwa njia ya abjadi inayojulikana Pwani, herufi za jina la mtoto na la mama yake hupewa thamani za namba, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachotaja buruji. Hapo saa ya kuzaliwa haihitajiki kabisa. Mtoto mmoja anaweza kutoka na nyota tatu.

Na kipimo cha kisayansi kipo. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Mmarekani Shawn Carlson. Wanajimu walipewa chati ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, yaliyotokana na dodoso la wanasaikolojia, wakatakiwa kuchagua maelezo ya mwenye chati. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia kama theluthi moja, kiasi kile kile ambacho mtu angepata kwa kubahatisha.

Kwa hiyo msomaji wa chati anayemjali mtoto hana haki ya kusema “mtoto huyu ni hivi”. Anachoweza kufanya, na mimi naona kinafaa, ni kugeuza kila sentensi ya chati kuwa jambo la kuangaliwa nyumbani, kisha akubali jibu litakalorudi. Kaa isisomwe kuwa “ni mwoga”. Mzazi aulizwe: akipelekwa mahali pageni, huchukua muda gani kabla hajaachia mkono wako? Kuhusu Utaridi aulizwe: akisimuliwa hadithi leo, kesho anakumbuka nini, mpangilio wa matukio au namna mhusika alivyojisikia? Na kuhusu Simba: akifanya jambo vizuri, hutaka watu waone, au hujificha akisifiwa? Mzazi aangalie kwa wiki mbili na kuandika alichokiona kwa macho, bila kutafsiri. Jibu likitofautiana na chati, kinachofutwa ni maneno ya chati.

Katika chati hii kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kupatwa kwa jua. Atatokea mtu wa kusema mtoto ana mkosi, na maneno hayo yakishaingia katika ukoo hayatoki. Asubuhi ile walizaliwa watoto wengi, kuanzia Kisumu hadi Mtwara, na kupatwa hakukuwachagulia maisha.

Mtego wa pili ni Utaridi, ambayo siku hiyo ilikuwa katika kipindi cha kurudi nyuma. Wasomaji wengi wa chati wakiona alama hiyo husema mtoto atakuwa mzito wa kusoma au atachelewa kusema. Sayari hairudi nyuma hata kidogo. Utaridi huzunguka Jua kwa kasi kuliko Dunia, na inapotupita kwa upande wa ndani, sisi tulio hapa tunaiona kana kwamba inarudi. Hutokea kama mara tatu kila mwaka, kwa wiki tatu hivi kila mara. Maana yake ni kwamba karibu mtoto mmoja kati ya sita amezaliwa katika kipindi hicho, na miongoni mwao wamo wanaosoma kwa kasi na wanaosoma polepole, kama darasa lolote lilivyo.

Hatari ya tafsiri hiyo ni kwamba hufunga mlango. Mzazi aliyeambiwa kuwa uzito wa mwanawe umeandikwa mbinguni hatampeleka kupimwa masikio. Msichana wetu akiitwa kwa nyuma asigeuke, akiongeza sauti ya televisheni kila siku, akisogeza kitabu karibu na pua au akiruka mistari anaposoma, hayo si ya mnajimu. Apimwe kusikia na kuona hospitalini kwanza. Anayefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au anayepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, asisubiri chati wala umri.

Karatasi ya chati nayo isifike shuleni, wala isisomwe mbele ya mtoto. Mwalimu akisikia “ni Kaa, ana hisia sana”, ataacha kumwita mbele, na mtoto atakosa zoezi analolihitaji zaidi. Kama wiki mbili za kuangalia zimeonyesha kweli kwamba huchukua muda kuzoea, mzazi amwambie mwalimu kile alichokiona tu: “Mahali pageni hunyamaza kwa siku tatu au nne, kisha huchangamka. Naomba wiki ya kwanza asome akiwa amekaa karibu nawe, na wiki ya pili umwite asimame mbele ya wenzake.” Baada ya mwezi wakutane tena, mwalimu aseme alichokiona darasani. Kama siku ya pili tu alishanyoosha mkono, ombi hilo lifutwe.