Hundi Iliyorudi na Hundi Iliyochacha

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mombasa amepokea hundi ya shilingi 80,000 kutoka kwa fundi anayemdai. Siku hiyohiyo karani anaiandika upande wa debiti wa daftari la fedha, safu ya benki, kana kwamba pesa zimeshaingia. Siku chache baadaye benki inairudisha: akaunti ya fundi haina fedha za kutosha.

Karani hafuti alichoandika. Anaingiza 80,000 upande wa krediti wa safu ya benki, kisha anamdebiti fundi kwenye leja. Deni limefufuka. Ada iliyokatwa na benki nayo huandikwa krediti.

Hundi iliyochacha ni kisa kingine kabisa. Hapa duka ndilo lililoitoa, tuseme ya 15,000 kwa msambazaji wa saruji, naye akaisahau kwenye droo. Nchini Kenya, miezi 6 ikipita tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, benki huikataa hata kama akaunti imejaa. Kwa kuwa pesa hazikutoka, karani anadebiti benki 15,000 na kumkrediti msambazaji. Wapo wanaoiona kama faida, wanakosea: msambazaji bado anadai, na anaweza kuomba hundi mpya kesho.