Ritifaa mbele ya nambari: ikionekana, ikijificha, na pesa yako inapokwama

Vikundi vingi vinavyonunua samaki ufuoni, kuanzia Dunga hapa Kisumu hadi Usenge na Mbita, siku hizi havilipi mvuvi mmoja mmoja. Mweka hazina anaandika orodha kwenye Excel, anaihifadhi kama CSV, kisha anaituma mara moja kama malipo ya pamoja. Ni njia ya haraka, lakini kuna alama moja ndogo inayoiharibu mara kwa mara: ritifaa, ile ile tunayoiandika kwenye neno ng'ombe. Kwenye seli nyingine inaonekana mbele ya nambari ya simu. Kwenye nyingine huioni kabisa, na bado ipo. Tofauti hiyo inakuambia vile Excel imehifadhi ulichoandika.

Tuanze na simu. Andika 0700000000 (ni ya mfano tu) kwenye seli ya kawaida, ubonyeze Enter. Sifuri ya mbele inapotea, unabaki na 700000000. Excel imeona tarakimu tupu, ikadhani umeandika kiasi, kama vile bei ya debe la omena. Kwa kiasi, sifuri ya mbele haina kazi. Lakini nambari ya simu si kiasi. Hakuna anayejumlisha simu mbili. Ni maandishi yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Ndiyo maana watu huweka ritifaa mbele: '0700000000. Ukibonyeza Enter, ritifaa inatoweka kwenye seli na sifuri inabaki. Ukibofya seli hiyo utaiona tena kule juu kwenye upau wa fomula. Hapa ritifaa si sehemu ya nambari. Ni agizo kwa Excel: "Hiki ni maandishi, usikigeuze." Agizo likishapokelewa, linawekwa pembeni.

Sasa kuna ile inayoonekana waziwazi ndani ya seli. Hiyo si agizo tena, ni herufi ya kawaida iliyohifadhiwa pamoja na tarakimu zako. Mara nyingi huja kwa njia mbili. Ya kwanza, ulifungua faili ya CSV ambayo tayari ilikuwa na ritifaa ndani. Excel hutii ritifaa uliyoiandika kwa mkono, lakini inayotoka kwenye faili huichukua kama ilivyo. Ya pili, ulinakili orodha kutoka kwa ujumbe wa simu, na simu ikaweka ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('). Iliyopinda Excel haiitambui kama agizo.

Usiamini macho, pima. Kama simu iko kwenye A2, andika kando yake:

```
=LEN(A2)
```

Fomula hii inahesabu herufi zilizohifadhiwa. Ukipata 10, simu ni nzima, na ritifaa iliyojificha haihesabiwi. Ukipata 11, huenda ritifaa imeingia ndani kama herufi, au kuna nafasi tupu mahali. Ukipata 9, sifuri imeshapotea. Msije mkashangaa safu moja ikitoa majibu tofauti: mtu akiingia kwenye seli yenye ritifaa iliyonyooka inayoonekana, akabonyeza F2 kisha Enter, Excel inaisoma kana kwamba imeandikwa upya kwa mkono, na ritifaa inatoweka. Basi seli mbili zilizoanza sawa zinakuwa na tabia mbili.

Kwetu sisi kinachofika ni ile faili ya CSV, na CSV ni maandishi matupu. Haina rangi, haina fomula, wala haina maagizo yaliyojificha. Ritifaa iliyojificha haiandikwi humo, iliyo herufi inaandikwa:

```
0700000000,1850
'0700000000,1850
```

Mstari wa kwanza unapita. Wa pili unakataliwa, kwa sababu hakuna simu inayoanza na ritifaa, na mvuvi wako anabaki akingoja. Kabla ya kutuma, ifungue faili kwa Notepad uitazame, maana Notepad haibadilishi kitu. Usiifungue tena kwa Excel kwa kubofya tu: Excel itaona tarakimu tupu na sifuri zote zitaondoka upya. Weka faili yako ya asili ya .xlsx, rekebisha humo, kisha uhifadhi CSV nyingine.

Upande wa pesa, ritifaa ile ile inaleta shida iliyo kinyume. Tuseme kikundi kinalipa wavuvi wanne: 1850, 2400, 1200 na 3000. Mwandishi amezoea kuweka ritifaa kwenye simu, akaiweka pia kwenye ile 1200. Huioni, seli inaonekana safi. Lakini sasa 1200 ni maandishi, na SUM huruka maandishi bila kulalamika:

```
=SUM(B2:B5)
```

Jibu ni 7250. Mweka hazina anaweka 7250 kwenye akaunti, anatuma faili. Ndani ya CSV ile ritifaa haipo, kwa hivyo tunasoma viasi vyote vinne, jumla 8450. Kuna upungufu wa 1200, na mvuvi wa mwisho halipwi. Kila mtu anakagua simu yake, kumbe kosa liko kwenye seli ya mtu mwingine. Ukishuku, tumia =ISNUMBER(B4). Ikijibu FALSE, hicho si kiasi, ni maandishi. Dalili nyingine ni kwamba, kama hujabadilisha mpangilio, kiasi hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto.

Excel yenyewe huweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye pembe ya seli kama hizo, na ukiibofya inakupa Convert to Number. Kwenye safu ya pesa, ikubali. Kwenye safu ya simu, iache kabisa, kwa maana itakula sifuri.

Kurekebisha simu kunategemea jibu la LEN. Sifuri ikiwa imepotea, fomula ya kwanza hapa chini inairudisha. Ritifaa ikiwa imeingia kama herufi ya kwanza, ya pili inaikata na kuacha tarakimu kama maandishi:

```
=TEXT(A2,"0000000000")
=MID(A2,2,20)
```

Nakili majibu, uyabandike kwa Paste Special, Values. Usitumie Find and Replace kufuta ritifaa zote kwenye karatasi. Kwanza, haiwezi kuona zilizojificha. Pili, kwenye seli ya kawaida, ikiifuta inayoonekana, tarakimu zilizobaki zinageuka kiasi na sifuri inaondoka nayo. Tatu, inaharibu majina. Hapa kwetu ritifaa ni sehemu ya majina ya watu: hata gavana wa Kisumu aliyechaguliwa 2017, Anyang' Nyong'o, anazo mbili. Hizo ziko katikati au mwishoni, na Excel haizigusi. Ritifaa huwa agizo ikiwa tu ndiyo ya kwanza kabisa kwenye seli.

Kwa orodha mpya, ritifaa huihitaji hata kidogo. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima ya simu, nenda Format Cells, uchague Text. Safu ya pesa iache ilivyo. Mpangilio ubadilishwe kabla ya kuandika, kwa sababu sifuri ikishapotea, kubadilisha safu kuwa Text hakuirudishi.